"Inshaallah, Tutaona": Jibu Lililonifunza Kukataa Kazi ya Mwenzangu



Leo nawaletea kisa changu cha mwaka 2019, nilipokuwa nikisomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari upande wa Makere, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Skuli yenyewe sitaitaja, na wenzangu sitawataja majina. Kwa wasiopajua, Makere ipo njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, na hapo ndipo magari yanapokata kuelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu waliotoka Kongo, kisha mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Ni nchi ya milima, baridi asubuhi, maharage mazuri, ugali wa muhogo, na watu wakarimu. Mimi mtoto wa Unguja nilipofika na "skuli" yangu, wanafunzi walicheka wiki nzima, maana kwao ni shule. Siku hizi nacheka nao.

Nawaandikia hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaofanya kazi, kwa sababu kisa hiki kilinipata nikiwa na harusi mkononi. Mimi nilikuwa niolewe mfungo mosi, kama ilivyo ada yetu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza tarehe 7 Mei, na mitihani ya nusu mwaka ikaangukia humo humo. Mama kule nyumbani anapiga simu kila usiku kuuliza habari za vitambaa, mimi huku nina marundo ya karatasi za majibu hadi chini ya kitanda.

Lakini kabla ya kufika Mei 2019, lazima niwarudishe nyuma kidogo, Novemba 2018, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka ule wa mwanzo mwenzangu mmoja, naye ni mwalimu wa Kiswahili, alinijia ofisini nikiwa nakusanya vitu vyangu niondoke. Akaniambia, "Mdogo wangu, utanisaidia kusahihisha mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza? Nimezidiwa." Mimi nilikuwa nimezidiwa kuliko yeye. Nikataka kusema sitaweza, lakini ulimi wangu wa Kizanzibari ukanipeleka kwenye njia niliyoizoea. Nikasema, "Inshaallah dada, tutaona."

Nyinyi mnanielewa. Kwetu mtu akikualika mahali na hutaki kwenda, unasema inshaallah, kisha unanyamaza, na aliyekualika anajua huendi. Hakuna aliyevunjiwa uso. Lakini yule dada hakulelewa Malindi wala Wete. Yeye alisikia "inshaallah" akaelewa ndiyo. Kesho yake nilikuta karatasi sitini na kitu mezani kwangu zimefungwa kamba, juu kuna kikaratasi: "Asante sana, Mungu akubariki."

Nikaona haya kuzirudisha. Nikazisahihisha usiku wa manane, kwa haraka, huku nasinzia. Katika zile karatasi kulikuwa na ya msichana mmoja. Nikampa alama 27. Kwa mpangilio wa sekondari zetu, kuanzia 0 hadi 29 ni F, yaani amefeli. Baba yake alikuja skuli siku ya kufunga, mzee mpole tu, akamwambia mwalimu wa taaluma kwamba kama mtoto anafeli hata Kiswahili basi bora abaki nyumbani amsaidie mama yake shambani, ada ya kumlipia vitu vya shule ataitumia kwa wadogo zake.

Yule msichana ndiye aliyeniokoa. Alikuja na karatasi yake mkononi, akasimama mbali kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, huku nyuma hujanisahihisha." Nikageuza. Kurasa mbili za mwisho hazikuwa na hata alama moja ya kalamu nyekundu. Insha yake yote ilikuwa pale. Nilipozisahihisha nikampa 24. Ukijumlisha na 27 unapata 51, nayo ni C. Baba alikuwa bado yupo uwanjani, nikamkimbilia na karatasi. Hamdulillah mtoto aliendelea na masomo. Lakini wallahi sikulala usiku ule. Nilijiuliza, angekuwa mtoto mwenye haya kuliko huyu, asiyethubutu kumwambia mwalimu "hujanisahihisha", ingekuwaje?

Hapo nikaelewa kwamba kukubali kazi nisiyoiweza hakukuwa wema. Nilimpa mwenzangu ahadi nusu, nikampa mtoto wa watu haki nusu. Na jina la Mola wangu nililitumia kama pazia la kujifichia, nalo halikuwekwa kwa kazi hiyo. Unaposema inshaallah, maana yake umekusudia. Ikiwa moyoni umeshajua huwezi, sema huwezi.

Sasa turudi Mei 2019.

Mitihani ya Kiswahili ilifanyika Jumatatu tarehe 13 Mei. Alama zilitakiwa kwa mwalimu wa taaluma Jumatano tarehe 22 asubuhi. Safari hii nilikuwa nimejifunza, nikachukua karatasi nikaandika hesabu yangu mapema. Nilikuwa na Kidato cha Kwanza mikondo miwili, jumla wanafunzi 120, na Kidato cha Tatu mikondo miwili, wanafunzi 90. Nilijipima kwa saa kwenye karatasi tano za mwanzo za kila kidato. Hilo nawausia sana, maana makisio ya kichwani yanadanganya. Karatasi ya Kidato cha Kwanza ilinichukua dakika 6. Ya Kidato cha Tatu, yenye insha na ushairi, dakika 12.

Basi 120 mara 6 ni dakika 720, yaani saa 12. Na 90 mara 12 ni dakika 1,080, yaani saa 18. Jumla saa 30 za kusahihisha.

Kisha nikahesabu muda nilionao. Kuanzia Jumanne tarehe 14 hadi Jumanne tarehe 21 kulikuwa na siku nane. Asubuhi zote za kazi nilikuwa nasimamia mitihani ya masomo mengine, na ukisimamia huruhusiwi kusahihisha, macho yako yawe kwa wanafunzi. Hivyo kila siku ya kazi nilibaki na saa 3 za alasiri. Siku sita za kazi mara 3 ni saa 18. Jumamosi na Jumapili nilijipa saa 5 kila siku, nikapata 10. Jumla saa 28. Usiku sikuuhesabu kabisa. Kule magharibi ya nchi jua linachelewa kuzama, kwetu Unguja watu wameshafuturu na wameshakunywa chai, mimi Makere bado nina kama dakika arobaini za kusubiri adhana. Ukishafuturu, ukaswali tarawehe, ukaosha vyombo, macho hayana kazi tena. Nilishaona Novemba usahihishaji wa kusinzia unaleta nini.

Kwa hiyo saa 28 kwa kazi ya saa 30. Zile mbili zilizopungua nilipanga kuzipata kidogo kidogo baada ya daku na swala ya alfajiri, robo saa kila siku. Nane mara robo ni mbili. Nilikuwa nimejaa hadi ukingoni, lakini hesabu ilikaa.

Jumanne ile ile, tarehe 14, mwenzangu yule yule akanijia. Ameteuliwa kwenda semina Kasulu mjini, Jumatano hadi Ijumaa. Ana Kidato cha Pili mikondo miwili, karatasi 110, na Kidato cha Nne karatasi 55. Akasema, "Bibi harusi, nisaidie hizo za Kidato cha Pili. Wewe mwepesi wa kusahihisha. Si utaondoka utuache hapa? Tuachie basi baraka."

Maneno hayo mabibi harusi mtayasikia sana. Ukishajulikana una harusi, kila mtu anaona unadaiwa kitu kabla ya kwenda likizo, na aliyenidai mimi alikuwa mtu mwema, aliyenipokea siku ya kwanza na kunionesha pa kununua mkaa. Kumkatalia kuliniuma.

Ulimi ukaanza kusema "insh..." nikauzuia. Sikukubali wala sikukataa pale pale. Nilimuuliza mambo matatu. Karatasi ngapi hasa? Zinatakiwa lini? Na wewe mwenyewe ukirudi Ijumaa jioni una nafasi gani? Sikuuliza ili nimchoshe. Nilitaka kujua ombi lake lina ukubwa gani, kwa sababu "nisaidie kidogo" ya mtu aliyezidiwa haina kipimo. Akanijibu yote. Nikamwambia, "Dada, nipe hadi baada ya adhuhuri nitakupa jibu kamili." Nikataja saa. Ukisema "nitakuambia" bila kutaja saa, umerudi kulekule kwenye "tutaona".

Nilipokaa nikakadiria. Karatasi ya Kidato cha Pili ni kama dakika 9. Mara 110 ni dakika 990, yaani saa 16 na nusu. Hilo ndilo "kidogo" aliloniomba. Ningelikubali ningekuwa na kazi ya saa 46 na nusu katika saa 30.

Baada ya swala nilimfuata. Nilimchukua nje, chini ya mwembe, tukawa wawili. Sikumjibu ofisini mbele za watu, wala kwenye kundi la simu la walimu, maana kukataliwa hadharani ni aibu, na mtu aliyeaibika hasikii mbadala wowote utakaompa baadaye. Nikamwambia hivi, nayakumbuka maneno yangu kwa sababu niliyafanyia mazoezi wakati wa kutia udhu:

"Dada, karatasi za Kidato cha Pili sitaweza kuzisahihisha. Nina saa 30 za kazi hadi Jumatano na muda wangu ni huo huo. Nikizichukua nitawaharibia watoto kama nilivyomharibia yule msichana mwaka jana. Lakini nimekaa na hesabu yako, naona kuna njia. Unayo dakika kumi tuiangalie pamoja?"

Tazameni mpangilio wake. Neno "sitaweza" lilikuja mwanzo kabisa, kabla ya sababu. Ningeanza na sababu, angekuwa kila sababu anaijibu: uchovu, "utapumzika harusini", funga, "na sisi tunafunga", vitambaa, "mama yako si yupo". Mtu ukimpa sababu kumi, anaona umefungua mnada. Mimi nilimpa moja tu, yenye tarakimu, na karatasi ya hesabu nilikuwa nayo mkononi. Tena sikumwomba msamaha mara saba. Msamaha mwingi unamfanya mwenzako aamini unamkosea, na ukiamini unamkosea utalegea.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa madamu. Nimeelewa, una mambo yako." Sauti ilikuwa baridi kuliko upepo wa Makere wa saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo wengi tunapovunjika na kusema "haya lete basi, nitajitahidi". Nilihesabu pumzi tatu, nikasema tu, "Hebu tuangalie."

Sasa mbadala. Wengi tunadhani mbadala ni kumtaja mtu mwingine: "Kamwombe fulani." Nami lilinijia hilo. Skuli yetu ilikuwa na kijana wa kujitolea, amemaliza chuo, hajaajiriwa, anasomesha Historia na Kiswahili kwa posho ndogo. Somo lake lilikwisha mapema. Ingekuwa rahisi kusema apewe yeye. Lakini yule kijana hawezi kumkatalia mwalimu mwajiriwa, kwa sababu anategemea skuli imsemee vizuri. Kumtwisha mzigo asiyeweza kukataa ni kuuhamisha udhalimu kutoka mlango huu kwenda ule. Nikaliacha. Mbadala unaofaa ni ule ambao hautoki kwa mtu asiyekuwepo kwenye mazungumzo, isipokuwa yeye mwenyewe aulizwe kwanza na awe huru kusema hapana.

Tukakaa na kazi yake. Kidato cha Pili saa 16 na nusu. Kidato cha Nne, 55 mara dakika 12, ni saa 11. Jumla saa 27 na nusu. Muda wake: Jumanne ile saa 3. Jumatano hadi Ijumaa hana kitu, na karatasi za majibu hazibebwi kwenye mabasi na nyumba za wageni, zikipotea ni msiba. Jumamosi saa 6, Jumapili saa 6, Jumatatu 3, Jumanne 3. Jumla saa 21.

Akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Kumbe nimepungukiwa saa sita na nusu tu," akasema. Na mimi ndipo nilipoliona jambo vizuri. Aliniomba saa 16 na nusu kwa sababu aliogopa, akashika rundo kubwa kuliko yote akataka kulitua. Shida yake halisi ilikuwa ndogo kuliko nusu ya aliyoniomba. Mtu aliyezidiwa hahesabu, anatupa. Kazi ya anayekataa ni kumsaidia ahesabu, na hiyo haichukui saa 16, ilituchukua kama dakika kumi na tano.

Saa sita na nusu zinapatikana wapi? Nikamwambia, alama hazitumiki zote kwa wakati mmoja. Mwalimu wa taaluma akipokea alama Jumatano, anaanza kuingiza kidato kimoja kimoja kwenye kompyuta, na hawezi kuvimaliza vyote siku hiyo. Basi tumwombe hivi: Kidato cha Nne na mkondo wa kwanza wa Kidato cha Pili zifike Jumatano kama ilivyopangwa, na mkondo wa pili ufike Ijumaa tarehe 24 asubuhi. Jumatano na Alhamisi zinampa saa 3 kila siku, yaani 6. Inabaki nusu saa, nayo haimshindi mtu.

Nikaongeza na changu, maana mbadala usio na mkono wako hata kidole unanuka ubaridi. Nikamwambia, "Mwongozo wa kusahihisha insha nimeshauandika kwa Kidato cha Kwanza, chukua, utaurekebisha kidogo, usianze upya. Na Alhamisi tarehe 23, mimi nikiwa nimeshamaliza zangu, nitakaa saa moja nikukagulie majumlisho ya karatasi zote utakazokuwa umemaliza. Nusu dakika kila moja." Kwa karatasi 110 hiyo haifiki saa moja. Tena niliichagua kwa makusudi: ni kazi yenye mwisho, inakuja baada ya mzigo wangu kwisha, na ndiyo inayokamata kosa lile lile la kurasa za nyuma. Sikusema "nitakusaidia nikipata nafasi", kwa sababu hiyo ni inshaallah ya pazia iliyovaa kanga mpya.

Tukaenda wote wawili kwa mwalimu wa taaluma. Hilo nalo ni muhimu. Mimi si mwenye mamlaka ya kusogeza tarehe, na mwenzangu angekwenda peke yake angeonekana mvivu. Tulipokwenda na karatasi yenye hesabu, mzee alikunja uso, akalalamika kwamba kila mwaka ni hivi hivi, semina zinapangwa wakati wa mitihani. Kisha akasema, "Ijumaa saa mbili asubuhi. Isizidi." Nikamwomba aandike kwenye daftari lake, akaandika.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda kama maji. Siku mbili mwenzangu hakunitumia hata salamu kutoka Kasulu, na nilisikia kuna aliyesema Wazanzibari wana maringo. Mkondo wa pili haukufika Ijumaa saa mbili, ulifika saa nane mchana, mzee akanuna. Lakini Alhamisi nilipokagua majumlisho nilikuta karatasi nne zenye makosa ya kujumlisha, na moja ambayo ukurasa wa mwisho haukuguswa. Nikaiweka pembeni, nikamwonesha bila kusema neno. Akaitazama, akanitazama. "Kama yule binti," akasema. Baridi ikaisha hapo.

Mashoga zangu, nisiwape kisa bila mipaka yake. Njia hii inafaa kwa ombi la mwenzako wa daraja lako, anayeweza kusikia hapana. Ingekuwa ni msiba, mtoto mgonjwa au mama amelazwa, nisingemtolea hesabu kwanza. Ningechukua rundo, kisha ningekwenda mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma kumwambia ni kipi kati ya changu kitachelewa. Hapo pia hukubali kila kitu kimya kimya: unachukua kipya, unatangaza cha zamani kitakachosubiri. Na likitoka kwa mkuu, si ombi tena. Huyo humwambii "sitaweza", unamuuliza, "Niko na hizi mbili, ipi itangulie?" kisha unamwachia yeye achague. Wale walioajiriwa Tanzania Bara wajue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zaidi ya hapo ni kwa makubaliano. Lakini hilo ni baina yako na mwajiri. Mwenzako chini ya mwembe usimsomee sheria, mwoneshe karatasi yako.

Na utajuaje kwamba umejaa kweli, si uvivu wala mawazo ya harusi? Jipime kama nilivyofanya, kazi tano kwa saa, kisha zidisha. Kama hesabu inaonesha una nafasi, basi saidia, wala usitafute udhuru. Mimi mwaka huo huo, Oktoba, mwenzangu aliniomba nimshikie vipindi viwili, nikahesabu, nikaona naweza. Nilisema ndiyo papo hapo. Akaniambia, "Sasa najua ndiyo yako ni ndiyo." Maneno hayo yalinifurahisha kuliko sifa nyingine yoyote niliyopata kule.

Mwisho wa mwezi nilipanda basi alfajiri na sanduku langu, safari ya Dar es Salaam kisha boti hadi Unguja. Nilikwenda bila karatasi hata moja ya mtu kwenye begi, na bila deni la mtoto yeyote. Mwenzangu alinisindikiza hadi kituoni, akanipa kifurushi: kilo mbili za maharage ya Kasulu na kitenge. "Hiki cha harusi," akasema, "na safari hii sikuombi kitu." Nikamjibu, "Inshaallah nitarudi Julai." Na hiyo, wapenzi, ilikuwa inshaallah ya kweli. Nilirudi.

Maa salaam.